"Bado upo Mwanza au umehama na hela zangu?" Namna ya kumjibu mteja anayesalimia kwa utani

*Shikamoo mama. Nauza kwenye duka la zana za uvuvi, Kirumba hapa Mwanza. Wateja wengi wananisalimia kwa utani, dukani na kwenye simu. Juzi mzee mmoja kaniandikia: "Shikamoo tajiri! Bado upo Mwanza au umeshahamia Dar na hela zangu?" Nikamjibu: "Hahaha marahaba baba, nipo." Hajaandika tena mpaka leo. Nikijibu kikazi wanasema nimenuna, nikitania nao biashara inasahaulika. Nijibuje?*

Marahaba mwanangu.

Salamu ya mzee huyo imebeba vitu vitatu. Kuna shikamoo, kuna mzaha wa kuhamia Dar, na kuna hela. Jibu lako limegusa viwili vya mwanzo, na cha tatu, ambacho ndicho kilichomfanya ashike simu, kimebaki hewani. Ngoja tuvichukue kimoja kimoja, maana ukishaviona kwenye salamu hii utaviona kwenye salamu nyingine zote zinazoingia dukani kwako.

Mtu mzima akimpa shikamoo binti wa umri wako, hakuamkii. Anakupandisha cheo kwa mzaha, kisha anakaa anangoja ukatae cheo hicho. Kukataa kwenyewe ndiyo sehemu yako ya kucheza: "Aa baba, shikamoo mimi! Unanizeesha." Hapo umecheka naye, na papo hapo umemrudishia heshima yake. Ukiitikia "marahaba" umekubali kuwa mkubwa wake. Babu yako mzaa mama anaweza kukupa shikamoo, ukamwitikia marahaba, na nyumba nzima ikacheka, kwa sababu babu na mjukuu ni watani tangu mtoto anapozaliwa. Mteja hajafika huko. Ana kwa ana, marahaba yako angeisikia pamoja na kicheko chako, angeona umeinama kidogo, ingepita. Kwenye simu ameona neno tupu. Sidhani kama hilo peke yake ndilo lililomnyamazisha, lakini halikusaidia.

Kilichomnyamazisha ni hela. Soma tena alichoandika: "umeshahamia Dar na hela zangu". Dar ni mapambo. "Hela zangu" si mapambo. Huenda alitanguliza hela ya nyavu ambazo hazijafika, huenda chenji yake ilibaki siku mlipokosa noti ndogo, huenda alirudisha kitu na hajalipwa. Mtu mwenye miaka sitini haoni vizuri kumwandikia binti "nadai changu". Anaweka dai ndani ya mzaha, ili kama jambo limesahaulika kwa bahati mbaya wewe usiaibike na yeye asionekane mgomvi. Ni adabu ya hali ya juu hiyo, na wazee wa ukanda huu wanaijua sana. Sasa ukijibu "nipo" peke yake, yeye anasoma kwamba umecheka na dai umelikalia.

Nililijifunza hili kwa kumuumiza mtu. Mwaka wangu wa pili kaunta, kwenye duka lililokuwa na fundi wa injini za boti, mvuvi mmoja wa Ukerewe alituachia injini yake itengenezwe kabureta. Akawa anapiga simu asubuhi: "Hamjambo walinzi wa injini yangu? Bado inawapigia saluti?" Nasi tulimpenda kwa maneno yake. Nilikuwa naweka simu kwa sauti kubwa wenzangu wasikie, namjibu, "Inapiga saluti mpaka mkono umechoka!" Tunacheka, anakata. Wiki tatu zikapita hivyo. Kifaa kilikuwa hakijafika, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyemsikia akiuliza. Siku ya mwisho alivuka na kivuko kutoka Nansio, akaja na pikipiki, akaifunga injini kwa kamba kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa amepoteza giza zima, zile siku za kuvua usiku usio na mwezi, akivua kwa boti ya mtu mwingine. Nikamuuliza, baba, mbona hukusema kama una haraka? Akanijibu taratibu, "Nimesema kila siku." Hakurudi tena, na alikuwa na haki yake.

Tangu siku hiyo, nikisikia mzaha sikimbilii kicheko, natafuta kwanza kitu kilichotajwa ndani yake. Mzaha mtupu huzungumzia dunia: mvua, joto, Simba na Yanga, jinsi ulivyovaa. Mzaha wenye haja huzungumzia kitu kilicho kati yako na huyo mtu: hela, siku mliyoahidiana, bidhaa fulani, simu ambayo hukupokea. Mteja akisema "Mwanza leo jua limeshuka mpaka kwenye kofia yangu", anasalimia tu. Akisema "Nyie nyavu zenu zinakuja kwa miguu?" huyo anauliza nyavu zinafika lini, na jibu lake lina siku ndani yake. Mzaha ukijirudia kwa maneno yale yale mara mbili, uchukulie kuwa una haja hata kama huoni kitu.

Kuna mzaha wa Kisukuma ambao vijana wengi mnaupita bila kuuona. Mtu anaingia saa kumi jioni anasema "Mwangaluka, mayu!" Mwangaluka ni salamu ya asubuhi, ya jioni ni mwadila. Ukimwona mtu mzima anakupa mwangaluka saa kumi, hajakosea saa. Anakuambia alipita asubuhi akakuta mmefunga, kwa hiyo kwake yeye ndiyo kwanza mmeamka. Mwitikie kwa salamu iliyo sahihi, kisha kiri kilichotokea: "Mwadila, baba! Asubuhi tulichelewa kufungua, samahani. Ulikuja kufuata nini nikutolee sasa hivi?" Utaona uso wake unavyofunguka. Hujamwomba aeleze, umemwonyesha kwamba umeelewa.

Sasa nije kwenye lile la kusahau biashara. Ninavyofanya mimi, na ninavyowafundisha wasichana wa kaunta, ni kuupa mzaha sentensi moja, kisha unageuka. Sentensi hiyo ikae ndani ya picha ile ile aliyoileta mteja, usilete picha yako mpya. Akikuambia, "Dada, mbona umenawiri hivyo, dagaa wetu wote unawamaliza wewe?" mjibu kwa dagaa hao hao: "Kaka, mmewavua wengi mno, mtu atafanyaje!" Basi, imetosha. Ukiongeza ya pili, yeye atalazimika kuleta ya tatu, maana katika utani anayenyamaza ndiye aliyeshindwa. Hapo ndipo biashara inapopotea, na mtu wa nyuma kwenye foleni anaanza kuangalia duka la jirani.

Kugeuka kwenyewe Kiswahili kimekupa neno dogo la kazi hiyo, nalo ni "haya". "Kaka, mmewavua wengi mno, mtu atafanyaje! Haya, leo ni taa au umefuata kamba?" Haya inamwambia kwamba mzaha umepokelewa na umekwisha vizuri, tunaingia kazini pamoja. Kwa mtu uliyemzoea unaweza kusema "ehe, niambie". Kinachoharibu ni kukata kicheko ghafla ukasema "Nikusaidie nini?" Maneno hayo hayana ubaya yakiwa peke yake, lakini yakifuata mzaha yanasikika kama mlango unaofungwa, na ndiyo maana wanakuambia umenuna ilhali hukununa. Swali lako la kugeukia liwe na vitu viwili vya kuchagua, vinavyotokana na kazi ya mtu huyo. Wa dagaa muulize taa au kamba. Wa sangara muulize nyavu au maboya. Hata kama hakuja kwa kimojawapo, atakusahihisha mara moja, "Hapana, nataka sindano za kushonea", na tayari mko kwenye biashara bila mtu kuhisi amesukumwa.

Urefu wa mzaha nao una majira yake hapa ziwani. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka samaki hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu ufukweni, wana muda na maneno. Siku za mbalamwezi mtu akija na utani mpe sentensi zake mbili, hata tatu, keti naye, huenda amekuja tu kuangalia bei kwa ajili ya giza lijalo. Lakini siku za giza akikupigia saa moja asubuhi huyo ametoka majini, hajalala, mzigo uko juani, na kifaa kimekatika. Mzaha wake hapo ni mfupi kwa sababu amechoka. Mjibu kwa maneno sita na umsikilize: "Pole na usiku, kaka! Kimekatika nini?" Hapo "pole" ndiyo inayobeba ule wepesi wote. Ukimwanzishia utani mrefu saa hiyo unamlia muda. Angalia mwezi, mwanangu, utakusaidia kuliko kitabu chochote cha huduma kwa wateja.

Kuna neno moja naomba uliondoe kabisa kinywani ukiwa kaunta. Kwingineko watu wakimwona mtu aliyepotea siku nyingi wanamwambia, "Umezama wapi wewe?" na wanacheka. Hapa kwetu usiseme hivyo. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Ukiacha hizo kubwa, kuna mitumbwi ambayo habari zake hazikufika popote zaidi ya kijijini kwake. Mama anayekuja kununua kamba kwa ajili ya wanawe hujui ni nani aliyemzika, au ni nani ambaye hakumpata kabisa wa kumzika. Sema "umeadimika", sema "umepotea", yanatosha. Mteja mwenyewe akilitumia neno hilo kujitania, usilirudie. Mwambie, "Tunashukuru tumekuona", kisha endelea.

Utani wa makabila nao una mipaka yake. Mzaramo akija akamtania Msukuma wako wa stoo, waache. Hao ni watani wa tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na katika utani huo anayekasirika ndiye mwenye kosa. Wewe usiuanzishe kwa mtu ambaye hujui kwao ni wapi, kwa sababu maneno yale yale bila utani nyuma yake yanakuwa matusi.

Utakutana na wa "mchumba" pia, najua umeshakutana nao. Mzee anaingia anasema, "Mchumba wangu hajambo?" Wengi wao hawana nia mbaya, wanatumia ule ule utani wa babu na mjukuu. Unachofanya ni kumweka kwenye nafasi hiyo kwa sauti ya wazi ambayo duka zima linasikia: "Hajambo babu! Bibi anajua umekuja dukani? Haya, nyavu au kamba?" Neno bibi linamaliza kazi yote. Umemcheka, umemheshimu, na umemkumbusha kwamba wewe ni mjukuu. Mwenye nia njema atacheka na kutaja anachotaka. Utamtambua mwenye nia nyingine kwa sababu ukishageukia bidhaa yeye anarudi nyuma kwenye mzaha, tena kwa sauti ya chini, au anauliza unaishi wapi, au anashika mkono pale anapokupa hela. Huyo usimpe sentensi ya pili ya utani. Ondoa tabasamu, mwambie, "Mzee, tuzungumze bidhaa," na asipokoma mwite mwenye duka amhudumie yeye. Hiyo si kununa. Utani una watu wawili, na mmoja akitoka umekwisha.

Turudi kwa mzee wako, maana bado anangoja.

Usimwandikie tena kwanza. Fungua daftari, angalia jina lake kuanzia mwanzo wa mwaka, si mwezi huu tu. Angalia na kitabu cha risiti, na umuulize mwenye duka kama kuna hela aliyopokea yeye bila kuandika, hayo hutokea sana mteja anapolipa kwa simu. Ukipata chochote, andika kiasi na tarehe kwenye karatasi mbele yako.

Kisha mpigie, usitume ujumbe, kwa sababu mzaha ulikwama kwenye maandishi na sauti yako ndiyo itakayoukwamua. Tuseme umekuta alitanguliza shilingi 150,000 za nyavu za inchi sita, na nyavu zenyewe bado ziko njiani. Ningekuwa wewe ningesema hivi: "Shikamoo baba. Ni mimi tajiri wako wa Kirumba, sijahama! Laki moja na nusu yako nimeiona kwenye daftari, ulitupa tarehe nne. Nyavu zinaingia Alhamisi. Nikuwekee zile zile, au upendelee kurudishiwa hela?"

Angalia jinsi maneno hayo yalivyopangwa. Shikamoo imekwenda kwa mwenyewe, ikafuta ile marahaba bila kuomba msamaha mrefu. "Tajiri wako, sijahama" imechukua mzaha wake mwenyewe, kwa hiyo anajua hukuchukia. Kiasi na tarehe vimetajwa na wewe kabla yeye hajavitaja, na hilo ndilo alilokuwa analitafuta tangu mwanzo. Siku ya nyavu iwe ile uliyothibitishiwa na msambazaji asubuhi hiyo. Kama hujui siku, usibuni. Mwambie, "Sijapata siku kamili, nakupigia leo kabla ya saa kumi," na upige hata kama bado hujapata jibu. Mwisho umempa hiari ya kuchukua hela yake. Wengi hawaichukui wakipewa hiari hiyo, lakini mpe ukiwa tayari kweli kuitoa.

Na kama daftari halina kitu? Hapo yawezekana ulikuwa mzaha mtupu, anakuita tajiri kwa sababu kila mwezi anaacha hela dukani kwako. Bado mpigie, na bado anza na shikamoo, kisha uulize waziwazi ila kwa upole: "Baba, ile hela uliyosema nimehama nayo, nimetafuta kwenye daftari sijaiona. Kuna kitu tunadaiwa, au ulikuwa unanitania?" Usiogope kwamba utaua mzaha. Kama alikuwa anatania atacheka mpaka akohoe, atakwambia, "Nakutania binti, nilitaka tu kujua mpo," nawe unajibu, "Tupo baba! Haya, kwako kamba zinashika au zimeanza kuchoka?" Na kama kweli anadai, mzigo mzima unamshuka hapo hapo, anakueleza siku na aliyempokea.

Akikwambia kwa ufupi tu "sawa" na kukata, usimsukume. Siku nyavu zikiingia, zihesabu zake uziweke pembeni, andika jina lake kwa kalamu ya wino mzito, umpigie kabla hujamuuzia mwingine hata moja. Akija kuzichukua akaanza tena na "Shikamoo tajiri", mkatalie kwa sauti, mtolee nyavu zake, na umhesabie mbele ya macho yake moja baada ya nyingine.